Kuosha sikio kwa maji au kufyonza kwa mashine: nani asitiwe maji sikioni

Nta ya sikio hutengenezwa katika theluthi ya nje ya mfereji wa sikio, sehemu yenye vinyweleo na tezi ndogo za mafuta. Majimaji ya tezi hizo huchanganyika na vumbi na ngozi iliyokufa, na mchanganyiko huo ndio ambao watu wengi huuita uchafu wa sikio. Kazi yake ni kulinda. Una asidi kidogo inayowapunguza nguvu bakteria na fangasi, hunasa vumbi na wadudu, na huizuia ngozi ya mfereji isiloane. Sikio lenye afya hujisafisha lenyewe. Ngozi ya mfereji husogea polepole kutoka kwenye kiwambo, yaani ngoma ya sikio, kuelekea nje, na taya linapochezacheza mtu anapotafuna au kuzungumza, nta husogezwa hadi mlangoni, ikakauka na kudondoka bila mwenyewe kujua.

Mfereji wa mtu mzima una urefu wa sentimita 2.5 hivi. Nta huziba pale mwendo wake wa kutoka nje unapokatizwa, na kinachoukatiza mara nyingi ni kijiti cha pamba, kifuniko cha kalamu au njiti ya kiberiti. Kinachotoka na pamba ni kidogo. Kilicho kingi husukumwa ndani, kwenye theluthi mbili za mfereji zisizo na tezi, ambako ngozi ni nyembamba mno na imelala moja kwa moja juu ya mfupa. Nta iliyofika huko hukaa, hukauka na kushindiliwa. Wengine huzibwa bila kuchokonoa: wazee, ambao nta yao huwa kavu zaidi, watu wenye mfereji mwembamba au wenye nywele nyingi, na wanaovaa vifaa vya kusaidia kusikia.

Aliyezibwa na nta husikia kidogo, huhisi sikio limejaa, hupata mlio au muwasho, na pengine kizunguzungu chepesi. Wengine hukohoa kikohozi kikavu kisichoeleweka, kwa kuwa tawi la neva inayohudumia koo hupita pia kwenye mfereji wa sikio. Dalili hizi hupenda kuanza ghafla baada ya kuoga au kuogelea, kwa sababu nta hufyonza maji, ikavimba na kuziba upenyo mdogo uliokuwa umebaki. Nta isiyoleta dalili yoyote, na isiyomzuia mtaalamu kukiona kiwambo pale anapohitaji kukiona, haina haja ya kutolewa.

Inapobidi kutolewa, njia mbili hutumika zaidi hospitalini: kuiosha kwa maji, au kuifyonza kwa mashine huku mtaalamu akitazama kwa hadubini. Tofauti yao kubwa ni kwamba maji hufanya kazi nyuma ya nta, mahali ambapo jicho la mtoa huduma halifiki, ilhali ufyonzaji hufanywa mahali panapoonekana. Ndiyo maana kabla ya maji kuingia sikioni ni lazima ijulikane kilicho nyuma ya nta, na kwa kuwa hakionekani, njia iliyobaki ya kukijua ni kuuliza historia ya sikio hilo.

Kabla ya yote: kuhakikisha tatizo ni nta

Mtaalamu huanza kwa kuchungulia sikio kwa otoskopu, kifaa kidogo chenye taa na kioo cha kukuza. Kwa mtu mzima ndewe ya sikio huvutwa juu na nyuma ili mfereji unyooke. Kwa mtoto mdogo huvutwa chini na nyuma. Nta huonekana kama kizibo cha rangi ya kahawia, njano iliyokolea au nyeusi. Lakini kuwepo kwa nta hakuthibitishi kwamba nta ndiyo iliyoondoa usikivu. Uziwi wa ghafla unaotokana na neva ya kusikia huweza kumpata mtu ambaye masikio yake yana nta tangu zamani, na uziwi huo ni wa dharura, kwani dawa zake hufaa zaidi zikianza mapema, ndani ya siku chache.

Kipimo rahisi cha kutofautisha hali hizi mbili ni uma wa chuma unaolia ukigongwa. Ukigongwa na kusimamishwa katikati ya paji la uso, aliyezibwa na nta sikio moja huisikia sauti zaidi katika sikio hilohilo lililoziba. Akiisikia zaidi katika sikio zima, neva ya sikio bovu hushukiwa, naye hupelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo haraka badala ya kuoshwa sikio.

Ikithibitika kuwa ni nta, hatua ya kwanza ni kuilainisha. Mafuta ya zeituni, mafuta ya lozi, matone ya bikaboneti ya sodiamu au hata maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa matumizi ya hospitali, yote husaidia, na hakuna lililothibitika kushinda mengine. Mgonjwa hulala ubavu, hutiwa matone mawili au matatu, na hubaki amelala kwa dakika tano ili yapenye. Hufanya hivyo mara mbili kwa siku, kwa siku tatu hadi tano. Kwa wengine nta huanza kutoka yenyewe katika siku hizo na kazi huishia hapo. Matone haya hayatiwi kwenye sikio lenye tundu katika kiwambo, linalotoa usaha au lenye maumivu makali.

Maji yanavyotoa nta

Katika zahanati na vituo vingi vya afya Afrika Mashariki, sikio huoshwa kwa bomba la plastiki la mililita 20 au 50, lisilo na sindano, lililofungwa kimrija laini mbele yake. Mgonjwa hukaa wima, hufunikwa taulo begani, na kibakuli chenye umbo la figo hushikiliwa chini ya sikio kukinga maji. Ndewe huvutwa juu na nyuma, ncha ya kimrija huwekwa mlangoni tu mwa mfereji, kisha maji husukumwa taratibu.

Mahali maji yanapoelekezwa ndipo ufundi ulipo. Hayaelekezwi katikati ya nta wala kwenye kiwambo, bali kwenye ukuta wa juu na nyuma wa mfereji. Yakipata upenyo kati ya nta na ukuta huo, hupita hadi nyuma ya kizibo, hugeuka na kukisukuma kutoka nje. Mtu anayelenga katikati huishindilia nta zaidi. Mtu anayeziba mlango wa sikio kwa kimrija kinene huyanyima maji njia ya kurudi, na hapo mgandamizo wote huangukia kiwambo.

Joto la maji nalo ni muhimu. Linapaswa kuwa sawa na la mwili, nyuzi 37 hivi. Robert Bárány, daktari wa masikio aliyefanya kazi Vienna mwanzoni mwa karne ya 20, aligundua kwamba wagonjwa aliowaosha masikio kwa maji baridi walipata kizunguzungu na macho yao yakachezacheza upande mmoja, na kwamba maji ya moto yalileta kizunguzungu pia, ila macho yakacheza kuelekea upande wa pili. Kiini cha sikio la ndani kina mifereji yenye majimaji inayotunza mizani ya mwili. Baridi au joto likipenya mfupa, majimaji hayo huanza kusogea na ubongo hudhani kichwa kinazunguka. Utafiti wake kuhusu kiungo hicho cha mizani ulimpatia Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1914. Kwa mgonjwa wa kawaida maana yake ni nyepesi: maji ya bombani yaliyochotwa bila kupashwa moto yanaweza kumwangusha kitini, na ya moto mno yatamfanyia hivyohivyo na kumchoma juu yake.

Zamani chombo kilichotumika zaidi kilikuwa bomba kubwa la chuma lililosukumwa kwa kidole gumba. Nguvu ya maji ilitegemea mkono wa aliyelishika, na ncha isiyokazwa vizuri iliweza kuchomoka na kuchoma sikio. Mwaka 2018 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliagiza kwamba watu wazima wasioshwe tena masikio kwa bomba la kusukuma kwa mkono. Badala yake mwongozo wake ulitaja mashine ya umeme inayotoa maji kwa mapigo madogomadogo yenye nguvu inayodhibitiwa, au ufyonzaji. Mashine hiyo huanzishwa kwenye nguvu ya chini kabisa. Nta isipotoka, mgonjwa huongezewa matone ya kulainisha au hutiwa maji sikioni na kusubiri dakika 15, kisha hujaribiwa mara ya pili. Ikishindikana tena, hupelekwa kwa mtaalamu. Agizo hilo la kutolazimisha lina maana hata pale ambapo chombo kilichopo ni bomba la plastiki: kinachomuumiza mgonjwa mara nyingi ni jaribio la tatu na la nne, mtoa huduma anapoongeza nguvu kwa sababu nta imegoma.

Madhara madogo ni kizunguzungu cha muda, maumivu kidogo na mikwaruzo ya ngozi. Yaliyo makubwa zaidi ni uambukizo wa mfereji, kutoboka kwa kiwambo, na kwa nadra sana uziwi au mlio usiokwisha. Kiwambo kinapotoboka mgonjwa huhisi maumivu makali ya ghafla, na pengine huonja maji kooni, kwa kuwa yamepita kwenye tundu, yakaingia sikio la kati na kushuka kwenye mrija unaoliunganisha sikio na koo. Anayesema amesikia maji kooni aachwe kuoshwa papo hapo.

Ufyonzaji unavyofanyika

Kwa ufyonzaji mgonjwa hulala au huegemea kiti, kichwa kikiwa kimetulia. Mtaalamu huingiza spekula, kifaa chenye umbo la faneli ndogo, kwenye mlango wa sikio, kisha hutazama kwa hadubini yenye taa inayoukuza mfereji. Baadhi hutumia miwani ya kukuza yenye taa ya kichwani, au kamera nyembamba inayoonyesha picha kwenye skrini. Mkono mmoja hushika spekula na wa pili hushika mrija mwembamba wa chuma uliounganishwa na mashine ya kufyonza. Ncha ya mrija hugusa nta, siyo ngozi, na nta hutolewa vipande kwa vipande. Kipande kigumu kisichofyonzeka hushikwa kwa koleo dogo au kuvutwa kwa kindoano butu. Kazi huchukua dakika chache kwa kila sikio, na muda zaidi nta ikiwa kavu.

Faida yake ya kwanza ni kuona. Mtaalamu hujua wakati wote ncha ya chombo iko wapi, anaiona ngozi ikianza kuwa nyekundu, na nta ikishatoka hukiona kiwambo papo hapo. Faida ya pili ni ukavu. Hakuna maji yanayobaki mfereijini kulowanisha ngozi, wala yanayopenya tundu kama lipo.

Hata hivyo ufyonzaji una kasoro zake. Mrija hupiga kelele kali ukiwa karibu na kiwambo, na baadhi ya watu hupata mlio wa masikio kwa saa au siku kadhaa. Mwenye mlio wa muda mrefu anapaswa kusema kabla ya kuanza, ili afyonzwe kwa vipindi vifupi au atolewe nta kwa kindoano peke yake. Hewa inayovutwa kwa kasi hupoza mfereji, na kwa sababu ileile aliyoieleza Bárány, mgonjwa anaweza kupata kizunguzungu cha nusu dakika au dakika moja. Nta iliyoshikamana na ngozi huuma inapovutwa, ndiyo maana matone ya kulainisha yana kazi hata hapa. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda huweza kutoka damu ngozi ikikwaruzwa. Na mtoto asiyetulia hawezi kufyonzwa salama akiwa macho, kwa kuwa kichwa kikitikisika ghafla chuma kiko milimita chache tu kutoka kwenye kiwambo.

Ulinganisho wa njia mbili

Kwa sikio lisilo na ugonjwa wala historia ya ugonjwa, njia zote mbili hutoa nta. Mwongozo wa NICE unaziweka mashine ya maji na ufyonzaji katika ngazi moja, mradi mtoa huduma amefunzwa na ana vifaa vinavyofaa. Maji yana nafuu ya gharama. Muuguzi au tabibu aliyefunzwa anaweza kuosha sikio katika zahanati yoyote yenye maji safi, bomba na otoskopu. Ufyonzaji unataka hadubini au mbadala wake, mashine ya kufyonza, umeme wa uhakika na mkono uliozoea, na hivyo hupatikana zaidi katika hospitali zenye idara ya masikio, pua na koo, kama vile Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi, Bugando jijini Mwanza na Kenyatta jijini Nairobi, pamoja na baadhi ya kliniki binafsi.

Kwa hiyo suala la ipi ni bora kwa ujumla halina uzito sana. Maji ni njia halali kwa sikio ambalo kiwambo chake ni kizima na mwenye sikio ana kinga nzuri ya mwili. Ufyonzaji unakuwa wa lazima pale ambapo mojawapo ya mambo hayo mawili halipo au halijulikani.

Wasiopaswa kuoshwa kwa maji

Wa kwanza ni mwenye tundu katika kiwambo, au aliyewahi kuwa nalo na hajathibitishiwa kwamba limeziba. Maji yakipita kwenye tundu hubeba bakteria hadi sikio la kati na kuamsha uambukizo. Tundu la zamani lililojiziba nalo si salama, kwa kuwa kiraka chake huwa chembamba kuliko kiwambo cha asili na hupasuka kwa mgandamizo mdogo. Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu usaha wa sikio wa muda mrefu ni ugonjwa wa kawaida kwa watoto, na watu wazima wengi waliougua utotoni husema masikio yao hayana tatizo kwa kuwa yalikauka zamani. Akiulizwa, “Una tundu sikioni?” mtu huyo atajibu hapana kwa moyo mweupe. Swali linalozaa jibu sahihi ni hili: “Je, sikio hili limewahi kutoa usaha, hata ulipokuwa mtoto?”

Wa pili ni aliyefanyiwa upasuaji wa sikio. Upasuaji wa mfupa ulio nyuma ya sikio mara nyingi huacha uwazi mpana, na ndani yake mfereji mmojawapo wa mizani hubaki umefunikwa na tabaka jembamba tu. Maji yakifika hapo huleta kizunguzungu kikali na kutapika. Kundi hili lina pia wenye vibomba vidogo vya kupitisha hewa kwenye kiwambo, na ambao vibomba vyao vilitoka lakini miezi 18 haijapita. Waliozaliwa na kaakaa lililopasuka huingia humo pia, hata kama lilishashonwa, kwa kuwa magonjwa ya sikio la kati huwaandama na viwambo vyao mara nyingi ni dhaifu.

Wa tatu ni mwenye uambukizo wakati huo: sikio linalotoa usaha, mfereji uliovimba na kuuma ndewe ikivutwa, au aliyeugua sikio la kati ndani ya wiki sita zilizopita. Hao hutibiwa kwanza.

Wa nne ni mwenye kisukari au kinga ya mwili iliyoshuka, wakiwemo watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao kinga yao iko chini na wanaotibiwa saratani. Hatari yao ni tofauti na ya wenye tundu, kwa kuwa kiwambo chao kinaweza kuwa kizima kabisa. Maji huondoa asidi ya asili ya mfereji na kuacha ngozi iliyoloana, pengine na mkwaruzo usioonekana. Bakteria aitwaye Pseudomonas, anayeishi vizuri kwenye maji, huingia hapo. Kwa mtu mwenye kinga nzuri huleta maumivu ya siku chache. Kwa mzee mwenye kisukari anaweza kupenya ngozi hadi mfupa wa chini ya fuvu, akaleta maumivu makali yasiyomwacha mgonjwa alale, usaha usiokwisha kwa matone ya kawaida, na mwishowe kupooza kwa upande wa uso. Matibabu yake ni dawa za viuavijasumu kwa wiki nyingi, na wapo wanaopoteza maisha. Waliopata matibabu ya mionzi ya kichwa au shingo wanaangaliwa kwa tahadhari kama hiyo, kwani ngozi na mfupa wao havitibiki upesi.

Wa tano ni mtu mwenye sikio moja tu linalosikia. Hatari ya kupata madhara ni ileile ndogo, lakini kilichowekwa rehani ni usikivu wake wote. Aliyewahi kuumia kwa kuoshwa hapo kabla huwekwa kundi hili pia.

Wa sita ni mwenye kitu kilichoingia sikioni, hasa mtoto. Punje ya maharage, mahindi au choroko hufyonza maji na kuvimba, na kitu ambacho asubuhi kingetoka kwa kindoano jioni huwa kimekwama. Betri ndogo ya saa au ya kichezeo haitiwi maji wala matone kabisa. Huunguza mfereji na kiwambo ndani ya saa chache, na mtoto hupelekwa hospitali siku hiyohiyo bila kungoja.

Mfano wa sikio moja baada ya jingine

Mfano wa kufikirika unaonyesha jinsi maamuzi haya yanavyofanyika. Mwanamke wa miaka 56 anafika kituo cha afya akisema sikio la kulia limeziba tangu jana alipooga. La kushoto, anasema, limekuwa zito kwa miaka mingi na amelizoea. Anatumia vidonge vya kisukari. Tabibu anachungulia na kuona nta nyeusi katika masikio yote mawili. Kiwambo hakionekani upande wowote.

Tabibu anapomuuliza kama yaliwahi kutoa usaha, anakumbuka kwamba la kushoto lilikuwa likitoa usaha kila alipopata mafua alipokuwa shule ya msingi. Hakuwahi kufanyiwa upasuaji. Uma wa chuma unapowekwa kwenye paji la uso, sauti anaisikia kulia, upande ulioziba jana. Jibu hilo linaafikiana na kuzibwa na nta, na linaiondoa hofu ya neva kwa sikio hilo.

Sikio la kushoto haliguswi kwa maji wala kwa matone, kwa kuwa huenda lina tundu. La kulia halina dalili ya tundu, ila kisukari kinamweka kwenye kundi la nne. Tabibu anampa mafuta ya zeituni kwa sikio la kulia peke yake, matone matatu asubuhi na jioni kwa siku tano, na anamwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa masikio.

Huko anafyonzwa. Upande wa kulia nta laini inatoka kwa urahisi, anapata kizunguzungu kifupi kinachoisha akiwa bado amelala, na kiwambo kinaonekana kizima, chenye kung’aa. Upande wa kushoto nta kavu inatolewa kwa subira, nyingine kwa koleo, na nyuma yake kunaonekana tundu kavu katikati ya kiwambo. Bomba la maji lingefikisha maji moja kwa moja kwenye sikio la kati. Daktari anatazama pia sehemu ya juu ya kiwambo, kwa sababu gamba linalong’ang’ania hapo, hasa lenye harufu mbaya, linaweza kuficha kolesteatoma, uvimbe wa ngozi unaokula mfupa na unaohitaji upasuaji. Hapa hakuna. Mgonjwa anapimwa usikivu na kuelekezwa kuweka pamba iliyopakwa vaselini kwenye sikio la kushoto kila anapooga. Uzito wa miaka mingi umepata sababu yake, na kama atapenda, tundu linaweza kuzibwa kwa upasuaji.

Pasipo mashine, na baada ya huduma

Mahali ambapo mashine ya kufyonza haipo, asiyefaa maji bado ana njia. Nta iliyo karibu na mlango inaweza kutolewa kwa kindoano butu au koleo chini ya taa ya kichwani, na mtaalamu anayeona vizuri. Iliyo ndani hungoja rufaa. Kuzibwa na nta kunakera lakini kunaweza kungoja wiki kadhaa, tofauti na usaha unaoanzishwa na maji yasiyostahili. Ikiwa mwenye kisukari hana budi kuoshwa kwa sababu rufaa haiwezekani kabisa na kiwambo chake kinajulikana kuwa kizima, maji yaliyochemshwa yakapoa hadi joto la mwili hutumika, nguvu huwa ndogo, mfereji hukaushwa vizuri mwishoni na matone yenye asidi kidogo hutiwa. Kuwasha mshumaa wa sikio si mbadala. Hautoi nta, na umewahi kuunguza watu na kudondosha nta yake yenyewe ndani ya mfereji.

Baada ya njia yoyote ile, sikio huwekwa kavu kwa siku chache, na hakuna kijiti kinachoingizwa humo. Hisia ya ubichi na muwasho kidogo huisha ndani ya siku moja au mbili. Maumivu yanayoongezeka siku ya pili, hasa ndewe ikivutwa, huashiria uambukizo wa mfereji na hutibiwa kwa matone ya dawa. Damu nyingi, usikivu ulioshuka kuliko kabla ya huduma, kizunguzungu kisichokwisha baada ya saa moja au uso unaolegea upande mmoja humrudisha mgonjwa hospitali siku hiyohiyo. Kiwambo kikitoboka na sikio likabaki kavu, tundu nyingi hujiziba zenyewe ndani ya wiki sita hadi nane. Kisichojiziba huonwa na daktari wa masikio, na tangu siku hiyo sikio hilo huingia katika orodha ya masikio yasiyooshwa kwa maji.